Kutafsiri muhtasari wa kuomba mtaji: namba zibaki zilivyo, madai yasilegee

Wanaoanza kutafsiri karatasi za kampuni changa huuliza maswali yaleyale. ARR, yaani mapato ya mwezi mmoja yakihesabiwa kwa miezi 12, niiandikeje kwa Kiswahili? Dola nizigeuze shilingi? Mwenye kampuni ananiambia "ifanye ivutie", nifanyeje? Mwongozo huu ni kwa kazi ya aina moja tu: muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili ulioandikwa kwa Kiingereza, unaopelekwa kwa wawekezaji watakaousoma kwa Kiswahili. Wasomaji hao ni watu kama kikundi cha wafanyabiashara wanaochanga mtaji pamoja, chama kinachotafuta pa kuweka akiba, au shangazi mwenye nyumba za kupangisha.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Kampuni ndogo ya Mwanza inakodisha nafasi kwenye majokofu ya sola kwa wachuuzi wa samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba. Muhtasari wake uliandikwa kwa ajili ya shindano la wajasiriamali, na sasa unapelekwa kwa wafanyabiashara wa mjini hapohapo. Inaomba Sh 50,000,000.

Kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: namba inavimba, mpango unageuka kuwa jambo lililokwisha kufanyika. Ya pili haisemwi sana. Mtafsiri mwenye hofu anaweka "huenda" na "kwa kiasi fulani" kila mahali, mpaka kampuni yenye wateja wanaolipa inaonekana kama ndoto ya mwanafunzi. Zote mbili ni tafsiri mbaya, na mwekezaji anaumizwa na zote mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Faili lenyewe la Word au slaidi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haifai, maana nukta na mkato hupotea humo.
- Jedwali la hesabu ambalo namba zilitoka. Hata kama hutalitafsiri, utalihitaji.
- Mtu mmoja ndani ya kampuni anayezijua hesabu na atakayejibu simu. Mara nyingi siye aliyeandika muhtasari.
- Tarehe ambayo namba zilichukuliwa.
- Jibu la swali hili: wasomaji wako wapi? Mwanza, Mombasa na Bukavu hawaandiki namba kwa namna moja.

Ukikosa jedwali la hesabu, kazi inawezekana. Ukikosa mtu wa kujibu, iahirishe.

1. Toa namba zote kabla ya kutafsiri sentensi yoyote

Pitia muhtasari, uandike kila namba kwenye jedwali lako: namba yenyewe, inahesabu nini, ya kipindi gani, na imetoka wapi. Kwa kampuni yetu ya majokofu utapata hivi:

- 412: wachuuzi waliojisajili tangu mwanzo
- 137: wachuuzi waliolipa mwezi Machi
- Sh 6,200,000: malipo ya kukodisha yaliyopokelewa Machi
- Sh 74,400,000: ARR
- Sh 310,000,000: GMV ya Machi, yaani thamani ya samaki wote waliohifadhiwa
- 60%: upungufu wa hasara ya samaki kuoza

Sasa zijaribu. Kodi ni Sh 1,500 kwa siku, sawa na Sh 45,000 kwa mwezi wa siku 30. Wachuuzi 137 mara 45,000 ni Sh 6,165,000. Muhtasari unasema 6,200,000, kwa hiyo wamekadiria kwenda juu kidogo, jambo linalokubalika mradi kila mahali liwe hivyo. Kama ungepata Sh 18,500,000, ungejua kwamba mtu amezidisha kwa 412, yaani amewahesabu na waliojisajili wakaondoka. Hapo unapiga simu. Kazi yako si ukaguzi wa hesabu, lakini huwezi kutafsiri namba usiyojua inahesabu nini.

Na 137 iliyo kwenye asili ya Kiingereza iandikwe 137. "Zaidi ya wateja 130" inapunguza, "karibu wateja 140" inakuza, na zote zinamfanya msomaji ajiulize kwa nini umeficha.

2. Amua mapema namba zitaandikwaje

Tanzania, Kenya na Uganda mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali: 6,200,000 na 6.2. Kwa wasomaji wa Kongo au Burundi waliosoma hesabu kwa Kifaransa, mkato ndio wa desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au nukta. "1.500" ya Bukavu ni elfu moja na mia tano, ilhali ya Mwanza ni moja na nusu. Na bilioni ya Tanzania ni milioni elfu moja, lakini kwa aliyesoma kwa Kifaransa neno hilo ni milioni milioni moja, maana milioni elfu moja anaiita miliari. Ikiwa karatasi itavuka mpaka, andika tarakimu zote hadi sifuri ya mwisho.

Hata kwa msomaji wa Mwanza, mara ya kwanza namba inapotokea mimi huandika Sh 6,200,000 kamili, kisha baadaye milioni 6.2. Sababu ni kwamba karatasi hizi husomwa kwa sauti kikaoni. Anayesoma "milioni sita nukta mbili" haraka humwachia msikilizaji "milioni sita na mbili", wakati kiasi chenyewe ni milioni sita na laki mbili.

Kuhusu dola: kama asili ina dola, acha dola, na shilingi uziweke kwenye mabano pamoja na kiwango cha kubadilishia na tarehe yake. Usifute dola ukaweka shilingi peke yake, kwa kuwa kiwango kikibadilika tafsiri yako itadai kitu ambacho kampuni haikukisema. Neno "shilingi" peke yake nalo halitoshi pale wasomaji wanapotoka nchi mbili. Andika TZS, KES au UGX.

3. Tenga fedha inayopita na fedha inayobaki

Hapa ndipo namba huvimba bila mtu kukusudia, kwa sababu "mapato" ni neno linalobeba kila kitu.

GMV ni thamani yote ya bidhaa zilizopitia kwenye huduma. Samaki wa Sh 310,000,000 walilala kwenye majokofu mwezi Machi, lakini hao ni samaki wa wachuuzi. Kampuni ilipata kodi ya milioni 6.2, ambayo ni shilingi mbili katika kila mia. Ukiandika "mapato ya Sh milioni 310 kwa mwezi", umeikuza kampuni mara 50 kwa neno moja. Andika: *thamani ya samaki waliohifadhiwa Machi: Sh 310,000,000, mapato ya kampuni kutokana na kodi: Sh 6,200,000*. Namba hizo mbili zikae karibu, hata kama kwenye asili ziko mbalimbali, na mwambie mteja kwamba umezisogeza.

ARR inasumbua zaidi, maana ina sura ya mapato ya mwaka. Ni mapato ya mwezi mmoja yaliyozidishwa kwa 12: 6,200,000 mara 12 ni 74,400,000. Fedha hiyo haijaingia. Miezi sita kabla ya Machi kampuni ilikuwa inapokea nusu ya hapo, hivyo mapato halisi ya mwaka uliopita ni madogo zaidi. Usiandike "mapato ya mwaka". Andika *mapato ya Machi yakihesabiwa kwa miezi 12* na ufupisho ARR ubaki pembeni. Sentensi ni ndefu, najua. Ikikushinda nafasi, punguza kitu kingine.

"Faida" nayo isitumike mpaka uone gharama zimetolewa. Faida ghafi hutoa gharama za huduma yenyewe tu, na faida halisi hutoa zote pamoja na kodi ya serikali. Asili ikisema tu "faida" bila kufafanua, uliza ni ipi. Kampuni changa nyingi hazina faida halisi bado, na wawekezaji wanajua hivyo.

4. Chunga "kwa", "hadi" na "mara"

Muhtasari unasema hasara ya samaki kuoza imepungua kwa asilimia 60. Ukiandika "imepungua *hadi* asilimia 60", umesema kwamba samaki 60 katika kila 100 bado wanaoza. Kosa hili ni la herufi chache, na programu ya kukagua tahajia haitaliona.

Dawa ni kuandika kutoka wapi kwenda wapi. Kwenye jedwali la hesabu utakuta kwamba kwa wachuuzi 40 waliofuatiliwa miezi mitatu, hasara ilitoka asilimia 25 ikawa asilimia 10. Upungufu ni pointi 15 za asilimia, na ukilinganisha na mwanzo ni asilimia 60. Namba zote mbili ni za kweli, lakini moja inavutia kuliko nyingine. Tafsiri inayofaa: *Kwa wachuuzi 40 waliofuatiliwa kwa miezi mitatu, hasara ya samaki kuoza ilipungua kutoka asilimia 25 hadi asilimia 10, sawa na upungufu wa asilimia 60.* Dai halijalegea hata kidogo. Limepata miguu.

Ona pia hao wachuuzi 40. Kama asili imewataja, hawaachwi ili sentensi ipendeze. Kama asili haikuwataja, mwombe mwenye kampuni ruhusa ya kuwaongeza. Usiwaongeze kimyakimya.

"Mara" ina tatizo lake. Mapato yalitoka Sh 3,100,000 Septemba hadi Sh 6,200,000 Machi. Hiyo ni ongezeko la asilimia 100, yaani yamekuwa mara mbili. Asili ikisema ongezeko la asilimia 300, maana yake ni mara nne, siyo mara tatu. Wengi hukosea hapo. Tena "yameongezeka mara mbili" humfanya mtu mwingine afikirie yamepanda awamu mbili. Sema *yamekuwa mara mbili ya yale ya Septemba*.

Na mtego mmoja wa Kiswahili chenyewe. Asili inasema jokofu hubaki na ubaridi kwa muda wa saa 12 bila jua. Mtafsiri anaandika "jokofu hutunza ubaridi hadi saa 12". Mchuuzi wa Mwaloni atakuuliza: saa 12 ya asubuhi au ya jioni? Andika *kwa muda wa saa 12*, na kama asili imeweka ukomo, *kwa muda usiozidi saa 12*.

5. Pima uhakika wa kila dai

Pitia kila kitenzi na ujiulize: jambo limeshafanyika, linaendelea, limeahidiwa, au linatumainiwa? Kisha chagua umbo.

Yaliyofanyika yapewe -li- au -me- bila woga. *Tumefunga majokofu sita.* Usiandike "tumejitahidi kufunga".

Yanayotarajiwa yapewe neno la kutarajia. "Tutafikia wachuuzi 500 ifikapo Desemba" kwa Kiswahili ni ahadi, na mzee mmoja kikaoni atakuja kuidai. Kama asili inasema wanatarajia au wanalenga, andika *tunalenga kufikia wachuuzi 500*. Lakini usiishushe zaidi ya hapo. "Tungependa kufikia" au "Mungu akijalia tutafikia" ni uungwana unaofaa mezani, ila kwenye karatasi ya fedha unaonekana kama mwenye kampuni hana mpango.

"Inaweza" ndilo neno ninalolifuta mara nyingi kuliko yote. Linabeba uwezo na pia wasiwasi. "Jokofu moja linaweza kuhifadhi kilo 200" linasikika kama huenda likahifadhi, huenda lisihifadhi. Kama ni sifa ya kifaa iliyopimwa, andika *jokofu moja huhifadhi kilo 200* au *lina uwezo wa kilo 200*. Bakiza "inaweza" kwa yale ambayo asili yenyewe inayatilia shaka.

Hati nazo zina ngazi. LOI ni barua ya nia: mtu ameandika kwamba angependa, na kwa kawaida hafungwi kununua. MOU ni hati ya maelewano. Mkataba ni mkataba. Kampuni yetu ina LOI kutoka kwa viwanda viwili vya minofu ya sangara. Tafsiri inayosema "tumeingia makubaliano na viwanda viwili" imekuza. Tafsiri inayosema "tumeongea na viwanda viwili" imelegeza, maana karatasi yenye sahihi ipo. Andika *viwanda viwili vimetupa barua za nia zenye sahihi*. Vivyo hivyo, fedha iliyoahidiwa siyo iliyopokelewa, na hataza iliyoombwa siyo iliyotolewa.

6. Sehemu ya ombi: hapa usikimbie

Kampuni inaomba Sh 50,000,000 kwa thamani ya Sh 450,000,000 *kabla* ya fedha hiyo kuingia. Ikiingia, kampuni itakuwa na thamani ya Sh 500,000,000, na waliotoa 50,000,000 watamiliki asilimia 10. Sasa ondoa neno "kabla" kwenye tafsiri. Msomaji atagawanya 50 kwa 450 apate asilimia 11.1. Siku ya kutia sahihi anaambiwa ni 10, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini namba nyingine yoyote ya karatasi ile. Andika mstari mzima: *thamani ya kampuni kabla ya mtaji huu: Sh 450,000,000; baada ya mtaji huu: Sh 500,000,000; sehemu ya wawekezaji wapya: asilimia 10.*

Kama chombo cha kuwekeza ni SAFE, usikiite mkopo. Ni mkataba ulioanzishwa na Y Combinator mwaka 2013: mwekezaji anatoa fedha leo na kupata haki ya hisa baadaye, kwa kawaida kampuni inapopata mtaji mwingine wenye bei ya hisa. Hakuna riba wala tarehe ya kurudisha. Msomaji wa chama akiona "mkopo" atauliza rejesho la kila mwezi, na ana haki ya kuuliza. Noti inayogeuka hisa ni kitu kingine, maana hiyo ni deni mpaka igeuzwe. Na ukiitafsiri SAFE kwa maana yake ya kawaida ya "salama", umeahidi jambo ambalo hakuna aliyeahidi.

Maandishi madogo ya chini, yanayosema kwamba karatasi hii si tangazo la kuuza hisa kwa umma na kwamba mtaji unaweza kupotea, yatafsiriwe yote kwa ukubwa uleule wa herufi. Kuuza hisa kwa umma Tanzania kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na nakala ya Kiswahili ikisambaa kwenye magrupu bila maneno hayo, mwenye kampuni ndiye atakayejieleza.

7. Msomee mtu, akurudishie

Mtafute mtu asiyeijua kampuni, akiwa mfanyabiashara ni bora zaidi. Mpe tafsiri peke yake, kisha muulize maswali manne: Kampuni iliingiza shilingi ngapi Machi? Wateja wanaolipa ni wangapi? Nini kimeshafanyika na nini kinatarajiwa? Ukitoa milioni tano utamiliki kiasi gani? Jibu la mwisho ni asilimia moja. Akisema vingine, tatizo liko kwenye ukurasa, si kwake.

Baada ya hapo linganisha jedwali lako la hatua ya kwanza na tafsiri, namba kwa namba, ukianzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, macho husoma yanachotarajia kuona.

Mambo yakikwama

*Mwenye kampuni anataka "wateja 412".* Mpe sentensi inayobeba zote: *wachuuzi 412 wamejisajili, 137 walilipa mwezi Machi*. Mara nyingi anakubali, kwa sababu 412 yake imebaki. Akishikilia kwamba 412 waitwe wateja, mwambie kwa maandishi kwamba nakala ya Kiingereza haisemi hivyo, na kwamba wewe utatoa kinacholingana na asili. Akitaka dai jipya, abadilishe asili kwanza.

*Asili yenyewe inajipinga.* Ukurasa wa kwanza una wachuuzi 137, jedwali la pili lina 141. Usichague wewe. Huenda moja ni ya Machi na nyingine ya Aprili. Uliza, na mpaka ujibiwe weka alama ya njano pande zote mbili.

*Tafsiri haitoshi kwenye slaidi.* Kiswahili cha fedha huchukua nafasi kuliko Kiingereza, hilo halikwepeki. Kata vivumishi kwanza: "bunifu", "ya kipekee", "yenye kasi". Kisha kata marudio. Kipindi, kipimo na neno "kabla" ni vya mwisho kuguswa, na afadhali ushushe ukubwa wa herufi kuliko kuvikata.

*Asili inajisifu: kampuni ya kwanza, kampuni pekee.* Tafsiri kwa mipaka ileile. "Pekee sokoni Mwaloni" isiwe "pekee Kanda ya Ziwa", wala isishushwe kuwa "mojawapo ya kampuni chache". Kama unajua kwamba dai si kweli, mwambie mwenye kampuni kabla hujatafsiri.

*Namba zimebadilika baada ya kukabidhi kazi.* Weka tarehe ya namba na namba ya toleo chini ya kila ukurasa, na ukubaliane na mwenye kampuni ni nakala ipi itakayofuatwa zikitofautiana. Kwa kawaida ni ya Kiingereza. Basi mstari huo uandikwe kwa Kiswahili, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili atauona.